Maombi Kabla ya Udongo

Atukuzwe Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na pumzi, na aliyenipa riziki mahali ambapo wengine hupandisha vioo vya gari wanapopita. Namshukuru kwa macho yanayoona bado, kwa magoti yanayokunjika ingawa yanalalamika, na kwa pua ambayo ilizoea mapema. Namshukuru pia kwa jirani wa kweli, maana nilikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi bila mtu yeyote kuniambia jambo ambalo jirani huyu aliniambia kwa dakika moja.

Mimi ni mtu wa Ukambani. Nilihamia Kitengela nikitafuta kibarua kwenye kware, machimbo ya mawe, nikaoa, nikajenga, na mgongo ulipochoka na mawe nikapata kazi katika jaa la taka lililo upande wa kuelekea Kajiado, kwenye shimo kubwa walilokuwa wakichimba mawe zamani. Nilianza kwa kuokota karatasi zilizonaswa kwenye ua wa waya. Mungu akaniinua hadi nikawa msimamizi wa uso.

Uso ni pale malori yanapomwaga. Jaa lenyewe ni kubwa, lakini mahali pa kumwaga panapaswa kuwa padogo, upana wa malori mawili tu, matatu siku ya soko. Sehemu nyingine yote inakaa imefunikwa udongo. Dereva akija na haraka zake anataka kumwaga popote, na kazi yangu ni kusimama na bendera nikimwambia hapana, rudi nyuma, kata kulia, simama. Kisha mama wa kompakta anaingia kazini.

Huyu mama ni mtu wa Magharibi, amepanga nyumba Kitengela pamoja na mume wake mwalimu, na nadhani hakuna mtu kati ya Athi River na Namanga anayeendesha ile mashine kama yeye. Kompakta ina magurudumu ya chuma yenye meno, na bamba mbele la kusukumia. Anasukuma taka zikae tabaka jembamba, lisilopita goti lako, halafu anapanda juu yake na kushuka, anapanda na kushuka, mara nne au tano, mpaka mashine iache kudidimia. Hapo ndipo tabaka lingine linakuja. Ukikubali tabaka nene, juu panashikana na chini panabaki mapango, na panya hawahitaji barua ya mwaliko. Makochi tunayaweka chini kabisa ayavunje kwanza. Matairi hatuyaziki, kwa sababu tairi lina tabia ya kufufuka. Ulizike leo, baada ya miezi linachungulia juu likikuuliza habari.

Jioni tunafunika uso wote kwa udongo, shibiri moja. Udongo huo ndio mlango wa nyumba. Usipoufunga, nzi wanataga, mbwa wanaingia, upepo unabeba mifuko hadi kwa watu, na ndege wanakuja. Asubuhi tunakwangua kidogo pale tutakapoanzia, tukiuweka udongo kando utumike tena, maana udongo mzuri ni shida. Huu mweusi wa tambarare zetu haufai peke yake. Ukiwa mkavu unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na ukiwa umelowa unamshika mtu viatu akabaki na soksi. Tunachanganya na vumbi la kware, na Mungu anabariki.

Sasa nieleze habari ya ndege, kwa sababu ndio walioniaibisha.

Kuna kunguru, kuna mwewe, kuna yangeyange wanaofuata kompakta kama wanavyofuata ng'ombe. Hao si neno. Mwenye jaa ni korongo, yule mkubwa mwenye upara, na mfuko wa ngozi unaoning'inia kifuani. Anatembea polepole, mikono nyuma, koti jeusi, kana kwamba anasubiri sadaka ihesabiwe. Nasema bila kinyongo, kwa sababu mimi pia nina upara, na mama wa kompakta alishaniambia siku moja ya vumbi kwamba alikuwa amempungia korongo mkono akidhani ni mimi.

"Akakujibu?" nikamuuliza.

"Aliitikia kwa kichwa, mzee. Ni wewe tu hukunisalimia siku hiyo."

Barabara inayoingia jaani inapita katika shamba la mzee mmoja Mmasai, jirani yetu. Si barabara ya serikali. Alikubali ipite kwa sababu mimi nilikwenda kwake, nikakunywa chai yake ya maziwa matupu, nikampa neno langu kwamba tukifunika kila jioni hataona nzi wala ndege. Aliniuliza kama ni neno la kampuni au langu. Nikasema langu. Kwa hivyo barabara ile haikusimama juu ya kokoto, ilisimama juu ya mdomo wangu.

Kwa muda mrefu mambo yalikuwa mazuri. Halafu, mwaka juzi, msimu wa kiangazi, Jumatatu asubuhi, nikamwona anakuja na fimbo mkono mmoja, na mfuko wa plastiki mkono wa pili.

"Sopa," nikamsalimia kwa lugha yake.

"Ipa." Hakuniuliza habari za watoto, nikajua kuna jambo. Akafungua mfuko, akatoa taya la ng'ombe, akaliweka juu ya meza yangu ya kuandikia malori. "Hii ni yako, pastor."

Mimi si pastor, mimi ni mzee wa kanisa tu, na nilimwambia hivyo mara nyingi, lakini yeye alishaamua.

"Imetoka wapi?"

"Imetoka juu. Ilianguka kwa mabati yangu saa ya chai. Bibi yangu alifikiri ni mwisho wa dunia. Alianza kutubu, pastor. Alitubu mambo mengine mimi sikuwa najua."

Nikataka kucheka nikaona hacheki. Akaendelea. Korongo walikuwa wamehamia miti yake ya migunga juu ya boma la ng'ombe. Walichafua birika la maji hata mbuzi wakakataa kunywa. Ndama walikuwa na nzi machoni.

"Wewe uliniambia nini?"

"Nilikwambia hutaona ndege."

"Mimi niko na macho?"

"Uko nayo."

"Basi Jumamosi jioni nitasimama hapo kwa ua. Nikiona hao ndege wanakula kwako, Jumatatu nitaweka miiba kwa lango. Lori itapita na mabawa." Akaniachia taya, akaenda zake.

Nilikaa nikiliangalia. Kama barabara ingefungwa, malori yasingekuwa na njia nyingine, kwa maana upande wa pili ni ukingo wa kware. Watu wote tuliofanya kazi pale tungerudi nyumbani, na taka za Kitengela zingerudi mitaroni zilikokuwa zamani. Lakini nitasema ukweli mbele za Mungu: kilichoniuma zaidi ni lile neno langu. Nilikuwa nimelitoa mbele ya bibi yake na watoto wake.

Jumanne nilianza vita. Nilipunguza uso ukawa wa lori moja na nusu, madereva wakapiga foleni na kunitukana kwa lugha zote za nchi hii. Nilizunguka mteremko mzima nikitafuta matundu ya panya na nyufa, tukaziba kila nilipopata. Taka za kichinjio, ambazo ndizo korongo huwa wanazipenda kuliko wokovu, niliamuru zisikae juu hata dakika tano: lori likifika tunakuwa tumeshachimba shimo chini ya uso, linamwaga humo, na papo hapo mama wa kompakta anasukumia taka kavu juu yake, urefu wa mtu wa kimo changu, na kushindilia. Haya yote ni ya kawaida, lakini niliyafanya kwa ukali mpya.

Jumatano nikaleta vitisho. Nyumbani nilikuwa na kaseti, boksi zima, mahubiri niliyorekodi tangu ujana wangu. Redio ya kuzicheza ilikufa zamani. Niliwahi kusikia kwamba ule utepe wa ndani, ukivutwa kati ya miti miwili, unalia kwenye upepo na kumeta juani, na ndege hawaupendi. Tukazifungua, tukazinyoosha kuzunguka uso. Upepo wa nyanda hizi ulipozishika zikaanza kuvuma.

Mama wa kompakta akazima injini asikilize. "Mzee, hiyo ni mahubiri gani inalia hivyo?"

"Hiyo nadhani ni ile ya juu ya uvumilivu."

"Inasikika."

Kunguru walikimbia kweli. Korongo walirudi nyuma hatua chache, wakasimama, wakasikiliza kama washirika wazuri, na saa nane walikuwa wamezoea. Ndivyo walivyo. Kitisho kimoja hakiwezi kukaa siku tatu. Lazima ubadilishe, leo utepe, kesho debe la kugongwa, kesho kutwa tiara lenye umbo la mwewe. Nikaongeza koti langu jeusi kuukuu juu ya mti, na kofia. Asubuhi ya Alhamisi tulikuta korongo wawili wamesimama kando ya lile koti, mmoja kulia na mmoja kushoto. Mwokota karatasi mmoja akasema baraza la wazee limekamilika. Nilijifanya sikusikia.

Lakini jambo la ajabu ni hili. Mchana kutwa ndege walikuwa wachache, kumi, kumi na tano, wamekaa mbali. Kila jioni, tulipofika kufunika, nilikuta nyayo zao juu ya uso, mifuko imetobolewa, na kunguru wamebeba utumbo. Sikuelewa. Tulikuwa pale pale. Niliwauliza wenzangu: hawa huingia saa ngapi?

Wote waliangalia chini. Mama wa kompakta alianza kufuta kioo cha mashine ambacho kilikuwa safi.

"Wanaingia jioni jioni," akasema.

"Jioni saa ngapi?"

"Mzee, mimi huwa nimefunga macho."

Sikulitafakari jibu lile. Nilimshukuru Mungu kwa mfanyakazi mnyenyekevu, nikaendelea.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Saa kumi lango linafungwa. Mama wa kompakta anamaliza kupanda na kushuka, anazima mashine ipoe, na kabla hatujaleta udongo, sisi wote tunasimama mbele ya uso tunavua kofia, nami naomba. Niliianzisha mwenyewe nilipopewa usimamizi. Niliwaambia watu kwamba ni vizuri kushukuru tukiwa tunaitazama kazi ya siku kabla haijafichwa. Ni sababu nzuri, na niliiamini. Ila ilikuwepo sababu nyingine, ambayo sikuwaambia. Nilijua udongo ukishawekwa, kila mtu anakimbilia kunawa na kwenda nyumbani. Nikiomba baada ya udongo nitaomba na kompakta peke yake. Nikiomba kabla ya udongo, hakuna wa kwenda popote.

Na maombi yenyewe yalikuwa mafupi. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Niliwaombea madereva, magurudumu yao, wagonjwa, wajane, viongozi wa kaunti, mvua, ndugu zetu wa Loitokitok wanaoleta nyanya, na wale wanaozila. Wiki ile, kwa sababu ya jaribu la ndege, niliongeza ombi maalumu juu ya ndege.

Alhamisi jioni, nilipokuwa nimesema amina na tumeanza kusukuma udongo, jirani akaja kwenye ua wa waya. Akaniita kwa fimbo.

"Pastor. Kuja uone kanisa yako."

Akatoa simu kutoka ndani ya shuka. Ni simu kubwa, nzuri kuliko yangu. Alikuwa amerekodi.

Nikajiona. Nimesimama mbele ya uso, mkono mmoja juu, macho yamefungwa, upara unang'aa. Nyuma yangu mama wa kompakta ameinamisha kichwa, na waokotaji wanne wameinamisha vichwa. Mashine kimya. Jaa lote kimya. Halafu, kutoka migunga ya jirani, korongo wa kwanza akashuka. Akafuatwa na wa pili. Walitua nyuma ya watu, hatua tatu tu, bila kelele, wakapita katikati yetu kama watu waliochelewa ibada wanaotafuta kiti. Mmoja alisimama kando ya mama wa kompakta, akainamisha kichwa kama yeye, akakiinua akiwa na utumbo mrefu kama kamba. Mimi naendelea: "...na ndege hawa, Bwana, uwaelekeze mahali pengine..."

"Nimehesabu," jirani akasema. "Watu ni sita. Korongo ni kumi na tisa. Kanisa yako inakua."

Akanisogezea simu karibu na macho.

"Angalia saa hapa chini."

Nikaangalia tarakimu ndogo kwenye kioo. Dakika ishirini na mbili.

"Simu imeharibika," nikasema.

"Simu iko sawa. Mimi pia niliketi chini mara mbili." Akaifuta kwa shuka na kuirudisha. "Hao ndege hawaogopi kelele, pastor. Wao wanaogopa mashine na mtu anayewaangalia. Wewe unazima mashine, unafunga macho. Kila siku, saa ile ile. Hata mbuzi wangu anaweza kujifunza hiyo. Hao wanangojea kwa miti yangu kwa sababu kutoka hapo wanakuona vizuri ukivua kofia."

Nilirudi usoni polepole. Mama wa kompakta aliponiona akashuka.

"Amekuonyesha?"

"Nyinyi mlijua?"

Akautazama mguu wake. "Mzee, korongo mmoja alinikanyaga mguu tangu mwezi wa tatu. Ningekukatiza namna gani? Ulikuwa kwa wajane."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje? Kwamba tumejua kwa sababu tulifungua macho?"

Nikamuuliza kama maombi yangu ni marefu. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayepima tabaka kwa macho kabla hajalipanda.

"Maombi yako iko na tabaka nyingi, mzee. Na haujashindilia."

Nilicheka hata nikakaa chini juu ya tairi. Ningependa kusema kwamba nilicheka kwa unyenyekevu, lakini mwanzo nilicheka kwa sababu la sivyo ningelia. Wiki nzima nilikuwa nikimwomba Mungu awaondoe ndege, na kumbe ni mimi niliyekuwa nikiwapigia kengele. Jioni ile nilitubu kwa maneno machache sana, kwa sababu nilianza kuyaogopa marefu.

Ijumaa niliwakusanya asubuhi. Nikawaomba msamaha, nikawaambia: kuanzia leo, udongo kwanza. Mashine haizimwi mpaka uso wote umefunikwa. Mwenye kutaka kuomba nami atabaki, asiyetaka aende kwa amani. Wakaitikia kwa furaha ambayo ilinichoma kidogo.

Nilibadilisha na jambo la pili. Badala ya kusubiri saa kumi ndipo tulete udongo, tulianza kufunika kuanzia adhuhuri pande ambazo tumeshamaliza, hivi kwamba jioni kulibaki kipande kama uwanja wa nyumba ya chumba kimoja. Udongo ulikuwa umeshamwagwa kando, tayari.

Saa kumi ilipofika, mkono wa mama wa kompakta ukaenda wenyewe kwenye ufunguo. Mazoea ni kitu kibaya. Akazima. Nami, Mungu anisamehe, mkono wangu ukaenda kwenye kofia.

Miti yote ya jirani ikaondoka. Ndivyo ilivyoonekana: matawi yalipasuka, mabawa yakajaa hewani, na korongo wote wakaanza kuja kwetu kwa utulivu wa watu wenye tiketi.

"Washa," nikasema, nikavaa kofia.

Akawasha. Akasukuma udongo huku wao wakizunguka juu. Walitua pembeni, wakatembea juu ya udongo uliokwisha shindiliwa, wakauchokoa kwa midomo, wakatazamana. Mzee wao mmoja alinijia karibu sana, akanitazama uso kwa uso. Nilijisikia kama nimevunja ahadi kwake pia.

Jumamosi ikafika. Jirani alikuja saa tisa, mapema, akaketi kwenye jiwe nje ya ua, fimbo katikati ya magoti. Tulifanya kazi vizuri. Saa kumi nikafunga lango. Uso ulikuwa umebaki kipande kidogo tu, nami moyoni nikaanza kushukuru.

Ndipo tukasikia honi. Ni lori la kichinjio, limechelewa. Lilikuwa limepasukiwa tairi njiani tangu saa saba, jua likiwa juu yake, na nilichokisikia kabla ya honi ni harufu.

Dereva akashuka akiwa ameshika kofia mikononi. "Mzee, nisaidie."

"Lango limefungwa. Sheria ni saa kumi."

"Najua. Lakini nikirudi na hii, nitalala nayo wapi? Wapangaji watanipiga mawe."

Mama wa kompakta aliniangalia. Jirani kule kwenye jiwe aliniangalia. Kwenye miti yake, vichwa kumi na tisa vyenye upara viliniangalia. Nikimrudisha dereva, najua atamwaga kando ya barabara gizani, na barabara ile ni ya jirani. Nikimruhusu, nafungua meza mbele ya ndege, saa ile ile waliyoizoea, siku ile ile ya kuhukumiwa.

Nilitamani sana kufunga macho kidogo nimwulize Mungu. Sikufunga. Nilimwuliza yakiwa wazi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Chimba chini ya uso," nikamwambia mama. "Refu, na jembamba. Wewe dereva, usimwage mpaka nishushe bendera. Ukimwaga kabla, nitakuzika pamoja nazo."

Akachimba. Bamba liliingia kwenye taka za asubuhi, akasukuma nyuma, akarudi, akasukuma, mpaka shimo likanimeza hadi kifuani. Waokotaji wakashika madebe. Korongo wakashuka kwenye miti, wakaja juu yetu, vivuli vyao vikipita shimoni. Nikasimama ukingoni, nikainua bendera, nikawatazama wale ndege kila mmoja kwa zamu, kama ninavyowatazama wanakwaya wanaotafuna peremende.

Bendera ikashuka. Lori likamwaga kwa kishindo. Dereva akalisogeza mbele, na kabla mlango wake wa nyuma haujafungwa mama wa kompakta alikuwa ameshaingia, taka kavu mbele yake zikimiminika shimoni, madebe yakigongwa, mimi nikikimbia huku na huku nikipepea bendera na kutamka mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha nyimbo. Korongo mmoja, mkubwa, alitua upande wa shimo unaoelekea kwa jirani na kunyoosha shingo. Mzee Mmasai alikuwa ameshapita chini ya waya bila mtu kumwona. Alimwekea fimbo mbele ya mdomo, bila kumpiga, kama mtu anayezuia mtoto asiguse sufuria.

"Hapana," akamwambia kwa Kiswahili. "Kwenda nyumbani."

Ndege akarudi nyuma.

Mama alipanda, akashuka. Akapanda, akashuka. Mara ya tano mashine haikudidimia tena. Akauvuta udongo, akautandaza, akapita juu yake, na uso wote ukawa kama sakafu. Korongo walizunguka mara mbili tatu. Kisha mmoja akaelekea upande wa Nairobi, na wengine wakamfuata, wakipita juu ya ile migunga bila kutua.

Mashine ikazimwa. Nikavua kofia, nikijua kila mtu sasa ana ruhusa ya kwenda. Hakuna aliyekwenda. Hata dereva wa kichinjio alibaki.

Niliomba macho yakiwa wazi. Nikasema, Bwana, asante kwa siku hii, asante kwa udongo, asante kwa jirani, amina. Nilipomaliza, mmoja wa waokotaji alikuwa bado anainamisha kichwa taratibu, akijiandaa kuanza. Akashtuka.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha," mama wa kompakta akasema. "Usiiamshe."

Jirani alikanyaga udongo kwa kisigino, hapa na pale, akachimba kidogo kwa ncha ya fimbo kuona unene wake.

"Leo umeomba kama mtu mwenye kazi," akaniambia.

"Na Jumatatu?" nikamuuliza. "Miiba?"

Akaitazama miti yake. Ilikuwa mitupu. "Miiba nitapeleka kwa boma, kuna fisi. Lakini mimi nitakuja kila Jumamosi kuangalia. Mtu akinipatia neno, ni lazima achungwe nalo."

Nikamwambia ni haki. Akaniomba kitu kimoja: nikamwombee bibi yake, kwa sababu tangu lile taya lianguke bado yuko na mambo ya kutubu, na yeye mwenyewe amechoka kuyasikia. Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Niliomba kwa muda wa kikombe cha chai kupoa, naye mama yule akasema amebarikiwa, akaniongezea chai.

Amekuwa akija kila Jumamosi mpaka leo. Korongo hawajaisha, maana jaa ni jaa. Hukaa mbali kwenye ukingo wa kware, na tukizembea nusu saa wanajua kabla yetu. Lakini kwenye miti yake hawalali, na malori yanapita.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubariki wewe na watu wa nyumba yako. Akupe kazi ya mikono yako na nguvu za kuimaliza kabla jua halijatua. Akuwekee karibu mtu wa kukuambia ukweli kwa upole, na moyo wa kucheka ukiusikia. Takataka zako, za jikoni na za moyoni, azifunike kwa rehema zake zisiwafikie majirani. Na ulale salama.